Nani Anasema Hapa?

Katika ukanda wa dhahabu unaoanzia Kahama ukapita Bulyanhulu hadi Nyarugusu na Geita, kwaya ikitaka kurekodi video mara nyingi huchagua andiko lenye dhahabu ndani yake. Haishangazi. Waimbaji wenyewe wana ndugu walio shimoni, na sadaka iliyolipia kamera huenda ilitoka kwenye duara lililotema. Na kitabu kinachotoa maandiko hayo kwa wingi ni cha Ayubu, kwa kuwa mtunzi wake aliyajua machimbo. Sura ya 28 inaeleza watu wanaochimba mbali na makazi, wanaoning'inia gizani, wanaopindua milima kutoka mashinani. Mchimbaji wa Rwamagasa aliyeshushwa kwa kamba hahitaji kufafanuliwa hapo.

Lakini Ayubu ni kitabu chenye mtego, na fundi wa video ninayemsifu hapa anaujua mtego huo kuliko wahubiri wengi. Anafanya kazi Kahama, katika chumba chenye kompyuta moja na feni. Kazi yake ni kuhariri nyimbo za kwaya na mahubiri, na wakati wa Ramadhani huhariri pia vipindi vya msikitini. Kwaya ikimletea aya ya kuweka kwenye kioo, haulizi kwanza rangi ya maandishi wala ukubwa wake. Humgeukia mwalimu wa kwaya: "Mwalimu, nani anasema hapa?"

Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Sehemu kubwa ya kitabu cha Ayubu ni mabishano. Ayubu anasema, rafiki zake watatu wanamjibu, kisha anakuja Elihu, na katika mabishano hayo Mungu mwenyewe hasemi mpaka sura ya 38. Halafu katika 42:7 Mungu anamkasirikia Elifazi Mtemani na wenzake wawili kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa. Kwa hiyo kumnukuu Elifazi chini ya maneno "Neno la Mungu linasema", bila kumtaja, ni kumpa heshima ambayo kitabu chenyewe kilimnyang'anya. Ahadi ile ya mwanzo mdogo na mwisho mkubwa, inayopendwa sana kwenye milango ya maduka, ipo 8:7, na msemaji wake ni Bildadi. Hakuna anayekatazwa kuipenda. Fundi anachotaka ni jina la Bildadi lionekane.

Kazi moja inatosha kuonyesha jinsi anavyofanya. Kwaya ilimletea wimbo kuhusu wachimbaji wadogo ikataka ufunguliwe na Ayubu 22:24. Maneno waliyokuwa wameyaandika kwenye karatasi yaliahidi kwamba utakusanya dhahabu kama mavumbi, na dhahabu ya Ofiri kama mawe ya vijito. Picha waliyoitaka chini yake ilikuwa mkono wa mchimbaji wenye punje zinazong'aa. Kwa mtazamaji wa Geita hiyo ni ahadi kamili: rudi kwa Mungu, duara litatema.

Fundi alifungua Biblia ya Union Version, ile ya 1952 inayosomwa makanisani, akaona maneno hayaendi hivyo. Humo Elifazi anamtaka Ayubu aiweke hazina yake mchangani na dhahabu yake kati ya mawe, yaani aiachilie, na aya ya 25 inaendelea kusema Mwenyezi ndiye atakuwa hazina yake. Habari Njema nayo iko upande huohuo. Karatasi ya kwaya ilitoka wapi basi? Kuna mtu alikuwa ametafsiri mwenyewe kutoka Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James ya 1611, ambayo kweli inaisoma aya hiyo kama ahadi ya kurundika dhahabu. Kiebrania chake ni kigumu, na wafasiri wa 1611 walichukua njia yao. Marekebisho ya Kiingereza ya 1885 yaliiacha njia hiyo, na tafsiri nyingi zilizofuata ziliiacha pia.

Hapo ndipo uchaguzi wa tafsiri unapokuwa kazi ya fundi, hauachiwi mchungaji peke yake. Tafsiri mbili zinatoa video mbili. Moja inamwambia mchimbaji atapata, nyingine inamwambia aachilie, na picha ya punje mkononi inakuwa shahidi wa ile ya kwanza na mpinzani wa ile ya pili. Angeweza kuweka maneno ya Union Version juu ya picha ileile na kujiona mwaminifu, lakini jicho huamini picha kabla ya maandishi. Alichopendekeza ni kuziweka aya mbili zijibizane. Kwanza 22:24-25, na pembeni pameandikwa "Elifazi anamwambia Ayubu". Kisha 23:10, ambapo Ayubu anajibu kwamba akijaribiwa atatoka kama dhahabu. Dhahabu ya pili si ya mfukoni. Ni Ayubu mwenyewe. Punje mkononi ziliondoka, badala yake likawekwa karasha likisaga mawe, vumbi limetanda, na picha hiyo ikaichukua aya ya Ayubu bila kuipotosha. Mwalimu wa kwaya alinung'unika kidogo kwa sababu punje zile ziliwagharimu kuzipata. Akakubali.

Baada ya hapo huja kunakili, na hapa ndipo wengi huharakisha. Maandishi yanayochukuliwa kwenye simu hubeba makosa ya aliyeyachapa. Kisukuma hakina sauti ya r, hivyo vidole vilivyozoea l huweza kuteleza, lakini kosa hilo huonekana upesi. Kosa baya zaidi ni la h. Katika 22:25 neno "atakuwa" likiongezewa h moja mbele, Mwenyezi anakataa kuwa hazina ya Ayubu, na sentensi inabaki imenyooka kisarufi kiasi kwamba kompyuta haitapiga mstari mwekundu. Kwa hiyo yeye hamwachii mwandishi akague alichoandika mwenyewe. Mtu wa pili hushika Biblia ya karatasi na kusoma kwa sauti, silabi kwa silabi, pamoja na alama za vituo, huku yeye akifuata kwenye kioo. Akikata sehemu ya aya, huweka nukta tatu mahali palipokatwa. Akifupisha kwa maneno yake, alama za kunukuu huondoka kabisa, na badala ya "Ayubu 22:24" huandika "kutoka Ayubu 22".

Ndipo muda. Wanaotia maandishi kwenye filamu huhesabu herufi kwa sekunde, na kwa watu wazima wengi huishia kwenye 15 hadi 17. Kipimo hiki kinatufaa kuliko cha kuhesabu maneno, kwa kuwa neno moja la Kiswahili hubeba mtendaji, wakati na mtendwa kwa pamoja. Ayubu 23:10 katika Union Version ina herufi kama 75, ukihesabu nafasi na vituo. Kwa kasi ya 15 hiyo ni sekunde tano. Fundi huyu huona kasi hiyo ni ya tamthilia. Kwa andiko hushuka hadi 12, na sekunde zinakuwa sita na ushei. Halafu anaongeza kitu ambacho wengi husahau. Maandishi yanayojitokeza polepole na kufifia polepole hula muda, na nusu sekunde ya kuingia na nusu ya kutoka hazisomeki. Kwa hiyo kibao kizima cha maandishi kinachukua zaidi kidogo ya sekunde saba, na kwa sita kati yake maandishi yamekoza. Akimaliza, husoma aya kwa sauti ya mtu anayesoma somo ibadani. Kama ulimi wake haujamaliza kabla maandishi hayajafifia, anaongeza.

Aya hiyo ina bahati, kwani nukta-mkato yake inaigawa katika mistari miwili inayotosha kioo, wa kwanza ukiwa na herufi zaidi kidogo ya thelathini na wa pili arobaini hivi. Ushairi wa Kiebrania huenda kwa jozi, nusu ya pili ikiitikia ya kwanza, na mstari ukikatwa penye kituo mtazamaji huipata jozi hiyo hata kama hajui ipo. Ukikatwa popote programu inapoamua, neno la mwisho hubaki peke yake chini kama aliyeachwa na basi. Zile aya mbili za Elifazi hazitoshi kibao kimoja, hivyo amezigawa vibao viwili, na rejea imebaki kwenye vyote viwili.

Yapo pia mambo ya macho tu. Sare za kwaya zina vitu vya kumetameta, na maandishi ya manjano juu yake hupotea. Yeye huweka ukanda mweusi unaopitisha picha kidogo nyuma ya maandishi meupe, tena akiupandisha kidogo kutoka sehemu ya chini kabisa ya kioo, kwa sababu huko kwenye simu ndiko vitufe vya mtandao hukaa. Kibao hakivuki kutoka picha moja kwenda nyingine, maana picha ikibadilika ghafla jicho hurudi mwanzo wa mstari na kusoma upya. Na kama kuna sauti inayosoma aya, maandishi hufuata tafsiri ileile inayosomwa. Sauti ya Union Version juu ya maandishi ya Habari Njema huwafanya watu waache kusikiliza na kuanza kulinganisha.

Kazi za msikitini zina ugumu wake. Programu nyingi za kuhariri, zisipowekwa sawa, huzitenganisha herufi za Kiarabu na kuzigeuza zianzie kushoto, na asiyesoma Kiarabu haoni kasoro yoyote. Hapo fundi huyu, ambaye ni Mkristo, hajitegemei kabisa. Ustadhi hukaa kando yake na kuikagua kila aya kabla haijatoka. Chini ya Kiarabu huja tafsiri pamoja na jina la mfasiri, Sheikh Abdullah Saleh Farsy au Sheikh Ali Muhsin Barwani, kwa kuwa Kiswahili chao hakifanani, na kwa Waislamu kinachoonyeshwa hapo ni maana, Qur'ani yenyewe ikiwa ni Kiarabu. Sura ya Aali Imran, aya ya 14, inataja marundo ya dhahabu na fedha kati ya vitu vilivyopambwa machoni pa watu. Mwisho wake ndio unaosema kwamba hizo ni starehe za dunia na kwamba marejeo mema yako kwa Mwenyezi Mungu. Ni ndefu kwa kibao kimoja, na ikikatwa baada ya dhahabu inageuka sifa ya dhahabu. Huigawa vibao vitatu na namba ya aya haiondoki kwenye kimojawapo.

Kung'ang'ania rejea kila kibao kuna sababu ya mtaani. Video ikishatoka chumbani mwake haimrudii. Kijana ataikata sekunde thelathini aweke kwenye hali ya simu, mwingine ataitia kwenye flashi ya basi liendalo Mwanza, na orodha ya shukrani ya mwishoni itakuwa ya kwanza kutupwa. Hata mtandaoni, faili la YouTube lililokwishapandishwa halibadilishwi kwa lingine. Utapandisha upya, na watazamaji wa kwanza watabaki na la zamani. Ndiyo maana jina la Elifazi, namba ya aya na "Union Version" vimechapwa ndani ya picha yenyewe, ubavuni mwa maneno, ili atakayeikata video apate shida kuviacha nyuma.