Picha ya soketi iliyoungua, bila neno lolote

Ukisoma uhandisi au fizikia, kwa watu wa nyumbani wewe tayari ni fundi umeme. Hata kama utafiti wako unahusu nyota. Siku moja simu inalia na picha inaingia kwenye wasapu: soketi yenye alama ya kahawia, au waya uliotoka ukutani. Hakuna salamu wala swali. Wewe unajibu nini?

Majibu ninayoyaona mara nyingi ni ya aina mbili. La kwanza ni la kubahatisha: "Nunua soketi mpya." La pili ndilo tunaloliona la busara: "Hatari! Usiguse, tafuta fundi." Jibu hili la pili ndilo ninalotaka kulikosoa, maana linasifiwa kuwa linatanguliza usalama. Mara nyingi linachomlinda ni aliyejibu, ambaye sasa halaumiki.

Tuchukue mfano. Mama mmoja yuko Mbaga, juu kwenye milima ya Upare. Ni saa tatu usiku. Anatuma picha ya soketi ya matundu matatu, tundu la kulia limezungukwa na ukahawia na plastiki imevimba kidogo. Pembeni kuna birika la umeme. Fundi anayemfahamu yuko Same mjini, bondeni, na hawezi kupanda mlima kabla ya kesho. "Tafuta fundi" ni kweli, lakini haimwambii afanye nini usiku huo. Je, birika libaki limechomekwa? Aling'oe? Watoto walale chumba hicho?

Picha yenyewe inasema mambo kadhaa, ukijua kusoma. Kwenye soketi zetu, ukiitazama kwa mbele, tundu la juu ni la erthi, la kushoto ni la nyutro na la kulia ni la waya wenye moto, ikiwa fundi aliunga inavyotakiwa. Ukahawia kwenye tundu moja tu kwa kawaida unaonyesha kwamba muunganiko wa upande huo umelegea: labda bati la ndani halibani tena pini ya plagi, au skrubu ya nyuma inayoshika waya imelegea.

Muunganiko uliolegea una ukinzani, na umeme ukipita kwenye ukinzani unatoa joto. Kanuni ni P = I²R. Birika la wati 2000 kwenye volti 230 linavuta takribani ampea 8.7. Tuseme pale palipolegea pana ukinzani wa nusu omu tu. Zidisha 8.7 kwa 8.7, kisha kwa 0.5: unapata karibu wati 38. Wati hizo ni kama za kile kifaa ambacho fundi redio anayeyushia risasi, sasa kimefungiwa ndani ya plastiki, nyuma ya ukuta. Ganda la waya wa kawaida wa nyumba limetengenezwa kuvumilia nyuzi joto 70 hivi. Joto nalo linazidi kuharibu chuma pale panapogusana, ukinzani unapanda, na kesho joto litakuwa kubwa kuliko la leo.

Hapa ndipo watu wengi wanapotea, pamoja na sisi wasomi. "Sakiti breka haijaruka, kwa hiyo hakuna shida." Hapana. Breka ya soketi, ya ampea 20 au 32, inaruka pale umeme unapopita kiasi. Hapa umeme haujazidi, bado ni zile ampea 8 na kitu, na kwa kweli ukinzani ule wa ziada umeupunguza kidogo. Hata kile kifaa kinachokata umeme unapovuja kwenda ardhini hakitaona kitu, kwa sababu hakuna kilichovuja. Soketi inaweza kuungua huku kila kinga ya nyumba iko sawa kabisa.

Sasa turudi kwa mama. Hatujui anataka nini. Labda anauliza kama anaweza kuchemsha maji ya asubuhi. Labda anataka makisio ya gharama. Labda amepanga, na anataka ushahidi wa kumwonyesha mwenye nyumba. Labda soketi inanuka sasa hivi na ameogopa. Kumuuliza kwanza "unataka nini?" ni adabu, lakini kama ni hili la mwisho, swali hilo linakula dakika alizozihitaji.

Hoja yangu ni hii: nia ikiwa haijulikani, anza na tendo moja linalofaa kwa nia zote hizo, ambalo mtu anaweza kulifanya bila kifaa na bila kukaribia hatari, na ambalo likiwa la ziada halijaharibu kitu. Mwambie na sababu, maana onyo lisilo na sababu linasahaulika asubuhi chai ikihitajika. Kisha uliza swali moja. Kwa picha ile, ningeandika hivi:

"Shikamoo mama. Kabla ya kugusa plagi, zima meni swichi iliyo karibu na mita. Kama kuna inveta ya sola, izime nayo. Halafu ndipo uchomoe birika. Soketi hiyo imelegea ndani na inachemka inapotumika, hata kama breka hairuki, kwa hiyo isitumike tena mpaka ifunguliwe. Je, bado inanuka, au ni ya moto?"

Kila neno lina kazi. Meni swichi inatangulia kwa sababu kung'oa plagi kutoka kwenye plastiki iliyoyeyuka kunaweza kuacha chuma chenye umeme wazi. Swichi ndogo ya soketi ingesimamisha joto, kwa kuwa umeme haupiti tena, lakini waya wa nyuma yake ungebaki na moto. Inveta imetajwa kwa sababu nyumba nyingi za milimani zina sola, na picha haionyeshi umeme unatoka wapi. Ukizima upande wa TANESCO peke yake, inveta inaweza kuendelea kulisha soketi ileile.

Jibu hili lina mipaka yake. Kama picha ingekuwa ya waya unaoning'inia kati ya nguzo na nyumba, "zima meni swichi" lingekuwa kosa la kumpa mtu imani ya uongo, kwa sababu waya ule uko kabla ya swichi na unabaki na umeme. Hapo tendo la kwanza ni kukaa mbali, kuzuia watoto na mifugo, na kupiga simu TANESCO. Ndiyo maana onyo moja la kunakili kwa kila picha halifai.

Mama akijibu kwamba imepoa na hainuki, tunaingia kwenye nia yake. Akitaka gharama, mwambie kubadilisha uso wa soketi peke yake hakutoshi: fundi akate waya ulioungua mpaka afike kwenye shaba inayong'aa, ndipo akaze kwenye soketi mpya. Aulize pia kama fundi ana leseni ya EWURA. Akitaka ushahidi wa mwenye nyumba, picha anayo tayari. Na akiuliza kuhusu chai, birika lichomekwe kwenye soketi nyingine isiyo na alama wala joto, baada ya kuangalia pini za plagi yake. Pini iliyoungua na kuwa nyeusi itaharibu na soketi ya pili.