Mstari Mmoja wa Oda

Dada mmoja anayeagiza malighafi kutoka nje kwa ajili ya kiwanda cha mabomba ya plastiki jijini Dar es Salaam ana tabia ambayo nimeitazama kwa heshima kubwa. Oda za ndani, za misumari au mafuta ya mashine, huzijaza haraka na kugeukia shughuli nyingine. Oda ya rezini ya PVC kutoka China, ule unga mweupe wa kutengenezea mabomba, ina mstari mmoja tu wa bidhaa, na mstari huo unaweza kumlia asubuhi nzima.

Mfumo anaotumia ni ERPNext. Ukiitazama oda kwenye kioo huoni cha ajabu: jina la muuzaji, bidhaa, kiasi, kipimo, bei, tarehe ya kupokea. Lakini mstari huo utasomwa na watu wengi wasiojuana. Muuzaji atauhamishia kwenye ankara yake. Benki ya Dar es Salaam itauweka ndani ya barua ya muamana, ambayo wafanyabiashara wengi huiita elsii, yaani ahadi ya benki kwamba muuzaji atalipwa akileta hati zinazolingana na masharti. Wakala wa forodha atautumia kuandaa tamko, na mtunza ghala atahesabu mifuko kwa kuufuata. Kila mmoja ana macho yake, na neno linalomfaa mmoja laweza kumkwaza mwingine.

Tuuchukue mzigo wa tani 100, dola 800 kwa tani, bei ikijumuisha nauli ya meli hadi Dar es Salaam bila bima. Rezini huja katika mifuko ya kilo 25, kwa hiyo tani 100 ni mifuko 4,000. Aandike tani au mifuko? Mtunza ghala angependa mifuko, maana ndiyo anayoiona. Dada huandika tani, na sababu imo katika kanuni za UCP 600, zile za Chama cha Kimataifa cha Biashara zinazoongoza barua za muamana tangu Julai 2007. Kifungu cha 30 kinaruhusu kiasi kipungue au kizidi kwa asilimia 5 bila benki kulalamika, ila tu kama barua haikutaja kiasi kwa idadi ya vifungashio au vipande. Ikisema mifuko 4,000, basi mifuko 3,999 inaweza kuwa dosari. Ikisema tani 100, muuzaji aliyeweza kupakia tani 98 yuko salama. Hata kwa tani, fedha zinazodaiwa hazipaswi kuzidi kiasi cha barua. Akipakia tani 102, kiasi kinakubalika, lakini hawezi kudai zaidi ya dola 80,000 alizoahidiwa.

Kwa hiyo kipimo cha kununulia anakiweka tani, cha ghala kinabaki mfuko, na kigeuzi kati yao ni 40. Kisha anafanya jambo ambalo wengi hulisahau: kwenye kumbukumbu ya bidhaa anaweka `Over Delivery/Receipt Allowance (%)` iwe 5. Bila hivyo, siku tani 102 zitakapofika halali kabisa machoni pa benki, mfumo utamkatalia mtunza ghala kuzipokea, naye atatafuta njia ya mkato ya kuziingiza.

Maelezo ya bidhaa nayo anayapunguza hadi yabaki yale yasiyoepukika. Benki hushughulika na hati, haishughuliki na mzigo. Wakaguzi wake hawajui rezini nzuri wala mbaya. UCP 600 inataka maelezo ya bidhaa kwenye ankara ya biashara yalingane na ya barua ya muamana, ilhali hati nyingine zinaweza kutumia maneno ya jumla mradi yasipingane. Kila sifa ya kitaalamu inayoongezwa kwenye mstari ni nafasi mpya ya muuzaji kukosea. Hata hivyo forodha inataka kujua kama PVC hiyo imechanganywa na kitu kingine, kwa sababu isiyochanganywa iko chini ya 3904.10 na iliyochanganywa iko kwingine. Basi anaandika jina na daraja la rezini kwa maneno machache, na sifa nyingine zote zinakaa kwenye cheti cha uchambuzi, ambacho barua inakidai kama hati ya kujitegemea.

Kuna mtego mwingine ambao ameujua kwa kuishi na mfumo huu. Oda ikishathibitishwa hujifunga. Ukitaka kurekebisha sharti fulani, unaibatilisha na kuirekebisha upya, na kwa kawaida `PUR-ORD-2026-00012` inageuka kuwa `PUR-ORD-2026-00012-1`. Ndani ya ofisi mkia huo hauna uzito. Lakini kama barua ya muamana imeamuru namba ya oda ionekane kwenye ankara, mkia huo mdogo unaweza kuwafanya watu wa benki warudishe hati. Yeye huiambia benki itaje namba ya ankara ya awali ya muuzaji, na namba ya oda inabaki jambo la ndani.

Baada ya maneno zinakuja tarehe, na hapo ndipo ustadi wake unaponishangaza zaidi. ERPNext haikuja na ukurasa wa barua za muamana, hivyo wameongeza sehemu zao kwenye oda: namba ya barua, tarehe ya mwisho ya kupakia, siku za kuwasilisha hati, tarehe ya barua kuisha muda, jina la meli, tarehe ya kufika. Zile tatu za tarehe zinafuata ujumbe wa MT700 ambao benki hutumiana:

```
:31D:260720CHINA
:44C:260710
:45A:100 MT PVC RESIN SG-5, CFR DAR ES SALAAM
:48:10
```

Kupakia mwisho tarehe 10 Julai, hati ziwasilishwe ndani ya siku 10, barua iishe tarehe 20. Hiyo 10 ya mstari wa mwisho ndiyo aliyoipigania na muuzaji. Barua isiposema chochote, UCP 600 inampa muuzaji siku 21 tangu kupakia, na wengi huziacha siku hizo zipite kwa sababu hazina gharama kwao. Gharama iko Dar es Salaam.

Aliipima hivi. Meli ipakie tarehe 6 Julai na ichukue siku 30, itie nanga tarehe 5 Agosti. Muuzaji akisubiri siku zote 21, atapeleka hati benki tarehe 27 Julai. Benki yake ina siku tano za kazi kuzikagua, hadi tarehe 3 Agosti. Wasafirisha vifurushi wakitumia siku tano, hati zinaingia Dar es Salaam tarehe 8, Jumamosi ya Nane Nane. Benki ya hapa inazipokea Jumatatu tarehe 10, nayo ina siku zake tano. Tunafika tarehe 17. Hati ya shehena imeandikwa kwa amri ya benki, kwa hiyo kabla benki haijaigonga muhuri na kuitoa, kampuni ya meli haiachii kontena. Siku 12 zimepita mzigo ukiwa bandarini, na hakuna aliyevunja kanuni hata moja.

Kwa siku 10, hati zinapelekwa tarehe 16 Julai, benki ya China inamaliza tarehe 23, kifurushi kinafika tarehe 28, na benki ya hapa ikitumia siku zake zote inamaliza tarehe 4 Agosti. Meli inaingia kesho yake.

Meli ikitangulia hati, kuna njia ya dharura: benki inaiandikia kampuni ya meli dhamana ili kontena zitolewe bila hati halisi ya shehena. Yeye huikwepa kadiri anavyoweza. Anayeomba dhamana hiyo hukubali mapema kupokea hati zitakapokuja, hata zikiwa na dosari, na hivyo anapoteza silaha ya pekee aliyokuwa nayo dhidi ya muuzaji mzembe.

Kufuatilia meli ni kazi nyepesi zaidi. Tovuti ya kampuni ya meli hutoa tarehe, naye hubadilisha tarehe ya kufika kwenye oda kila inaposogea, hasa kontena zinapohamishiwa meli nyingine njiani. Kwa namba za kontena ana kanuni moja: anazinakili kutoka kwenye hati ya shehena na hakubali za kwenye simu. Tarakimu ya mwisho ya kila namba hukokotolewa kutoka kwenye herufi na tarakimu zilizotangulia, hivyo wamewekea mfumo kikokotoo kidogo kinachoikataa namba iliyokosewa.

Wakala wa forodha huanza tamko kabla meli haijafika, akitumia nakala za hati. Thamani ya forodha Afrika Mashariki hujumuisha nauli na bima, na kwa kuwa bima imenunuliwa hapa nchini, nakala ya hati ya bima lazima iwe mkononi mwa wakala. Namba ya tamko, ile TANSAD, inaingia kwenye oda ileile. Kama tamko litapewa rangi ya kijani au nyekundu, hilo halimo mikononi mwake. Lililomo mikononi mwake ni kwamba ankara, orodha ya mifuko, hati ya shehena na tamko vyote viseme kitu kimoja, kwa sababu uzito ukitofautiana kati ya karatasi mbili, maswali huanza.

Tuseme muuzaji alipakia tani 98: kontena nne, mifuko 980 katika kila moja, jumla mifuko 3,920. Ankara ni dola 78,400, yaani dola 20 kwa mfuko. Bima, ada ya kufungua barua, tozo za bandari, wakala na malori vimefika dola 5,880. Anafungua `Landed Cost Voucher`, anachagua mgawanyo kwa `Qty`, na kila mfuko unabeba dola 1.50. Gharama halisi ni dola 21.50, na mauzo wakipanga bei ya bomba kwa 20 wanaweza kuliuza kwa hasara bila kujua. VAT ya asilimia 18 iliyolipwa forodha haiingizi humo, maana kiwanda kitaidai. Faini za kuchelewesha kontena nazo, zikitokea, haziingizi kwenye bei ya mfuko. Anazipeleka kwenye akaunti yake ya gharama. Viwango vya uhasibu vinakataza kupakia upotevu usio wa kawaida kwenye thamani ya mali ghalani, na pia anataka uchelewaji uonekane kwa jina lake kwenye taarifa ya mwezi badala ya kujificha ndani ya unga.

Zimebaki tani mbili. Oda inasema 100, ghala limepokea 98, na mfumo unaendelea kuonyesha kwamba mifuko 80 iko njiani. Hesabu ya kuagiza upya inaihesabu mifuko hiyo kama akiba, hivyo itachelewa kuonya unga unapokaribia kwisha, na oda tano za namna hii zikiachwa wazi ni mifuko 400 isiyokuwepo popote. Barua ya muamana imeshakwisha muda, muuzaji hana tena deni la kupakia. Dada anarudi kwenye ule ukurasa, anakagua namba ya barua na kiasi kilicholipwa na benki, kisha anabonyeza `Close`.