Picha ya king'amuzi kimoja katika ukumbi wa pili: uchambuzi wa ekstenda za HDMI

Katika majengo ya biashara ya Kakola na Bugarama, kando ya mgodi wa Bulyanhulu, king'amuzi kimoja kilichopo kaunta huweza kutakiwa kulisha pia skrini ya ukumbi wa nyuma, na kwa kuwa kebo ya kawaida ya HDMI huanza kushindwa kubeba picha safi inapovuka mita kumi au kumi na tano, fundi hulazimika kutumia ekstenda. Hizi ni visanduku viwili: cha kutuma hupokea HDMI kutoka kwenye king'amuzi na kuipeleka katika waya wa mtandao, na cha kupokea huirudisha kuwa HDMI mbele ya skrini.

Zipo ekstenda za namna mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa, ingawa zote zina tundu lile lile la RJ45. Zile zinazobana picha na kuikata katika vipande vya data huweza kupitia swichi ya mtandao, lakini picha yake huchelewa kidogo, kiasi kwamba kelele za goli husikika kaunta kabla ukumbi wa nyuma haujaliona. Nyingine, ambazo ndizo zinazochambuliwa hapa, hupeleka mawimbi ya picha moja kwa moja katika shaba bila kuchelewa kunakoonekana, na kwa sababu hiyo hazikubali swichi wala ruta katikati: waya lazima uwe mmoja kutoka kisanduku hadi kisanduku.

Uzito wa kazi inayofanywa na waya huo hueleweka kwa hesabu ndogo. HDMI hubeba picha katika njia tatu za data na njia ya nne ya saa, yaani mapigo yanayopanga mwendo wa data. Kwa picha ya 720p kila njia ya data hupitisha biti milioni 742.5 kwa sekunde, na kwa 1080p kiasi hicho huongezeka maradufu hadi biti bilioni 1.485. Waya wa mtandao una jozi nne zilizosokotwa, na ni msokoto huo unaozuia mawimbi ya jozi moja yasivamie jirani yake.

Na tuchukulie jengo ambalo waya umepanda darini, ukavuka vyumba viwili na kushuka ukumbini, jumla mita 35, huku ekstenda ikiwa imeandikwa kuwa inafika mita 60. King'amuzi kikiwekwa 720p picha hutulia. Kikiwekwa 1080p hutokea nukta zinazometameta, kisha skrini huwa nyeusi kwa sekunde chache na kurudi. Testa nayo huwasha taa zote nane kwa mpangilio, na hapo ndipo mafundi wengi hukilaumu kifaa bure. Testa ya taa huthibitisha tu kwamba pini ya kwanza imefika kwenye pini ya kwanza na ya nane kwenye ya nane; haina uwezo wa kujua ni nyaya zipi zilizosokotwa pamoja. Fundi aliyepanga rangi kwa kufuatana, jozi baada ya jozi, hupata taa zote, ilhali pini ya 3 na ya 6, zinazotakiwa kuwa jozi moja, ameziweka katika misokoto miwili tofauti. Mpangilio sahihi, kwa ncha zote mbili, ni huu:

```
T568B
1 nyeupe-chungwa    5 nyeupe-bluu
2 chungwa           6 kijani
3 nyeupe-kijani     7 nyeupe-kahawia
4 bluu              8 kahawia
```

Ikiwa ncha zimekatwa na kufungwa upya hivyo, na nukta bado zipo, uchunguzi uhamie kwenye waya wenyewe. Uzi ukikwaruzwa kwa wembe na kuonyesha weupe chini ya wekundu, huo ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo ukinzani wake ni mkubwa zaidi na hudhoofisha mawimbi pamoja na umeme wa kisanduku cha mbali, pale ambapo umeme huo hupitishwa katika waya huo huo. Dalili ya kosa jingine ni tofauti kabisa: skrini ikibaki nyeusi daima bila nukta yoyote, hata kwa 720p, mara nyingi ni mazungumzo ya vifaa yaliyokatika, yaani taarifa ambazo skrini hukipa king'amuzi kuhusu picha inazomudu, au ukaguzi wa ulinzi wa hakimiliki uitwao HDCP. Kuipeleka skrini hiyo kaunta na kuiunganisha kwa kebo fupi hubainisha mara moja iwapo kosa liko njiani.

Mpango huu una mpaka ambao haupaswi kuvukwa, nao ni ukuta wa jengo. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, na waya wa shaba unaounganisha majengo mawili yenye ardhi za umeme tofauti huweza kuunguza ekstenda, king'amuzi na skrini kwa pigo moja hata kama radi imeanguka mbali kidogo. Kwa ukumbi ulio katika jengo la pili, zitumike ekstenda za nyuzi za kioo, ambazo hupitisha mwanga na hazipitishi umeme, mradi kebo ya nyuzi hizo isiwe na uzi wowote wa chuma ndani yake.