Nina Neno Dogo

Methali zetu za malezi karibu zote zinapiga hodi mlango mmoja. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Aliyekosa ni mtoto, anayeitwa kujibu ni mzazi. Ndiyo maana ukimwendea rafiki yako ukamwambia, "Mwanao jana kafanya jambo kwangu," hata ukiipoza sauti namna gani, yeye keshazisikia zote tatu kabla hujamaliza. Wewe hukuzitaja, lakini amelelewa nazo.

Nimekulia Ngamiani, Tanga, kwenye nyumba zinazoazimana chumvi na watoto. Mtoto anakula kwa jirani, analala kwa jirani, na akikosa, anakosea kwa jirani. Wapo wanawake pale waliojua kulifikisha neno la namna hiyo na kesho yake wakaendelea kuazimana chumvi. Nawaheshimu kama ninavyomheshimu fundi anayepasua ubao wa mninga bila kuuchana. Mimi nilijifunza kwanza kwa kuharibu.

Miaka mingi nyuma nilimwambia rafiki mmoja, "Siku hizi mtoto wako amekuwa mkorofi." Maneno sita tu. Akanijibu, "Haya, nimesikia," akanyamaza. Siku ya pili bakuli langu, lililokwenda kwake na kalimati, lilirudi limeoshwa, limefutwa, tupu. Kwetu chombo cha mwenzio hakirudi kitupu. Hata kama huna kitu utatia ndimu mbili au kiganja cha sukari. Lile bakuli ndilo lililonijibu, na mtoto yule hakuletwa tena.

Nimeyarudia maneno yale sita mara nyingi, nikaona ubaya ulikuwa mahali pawili. "Siku hizi" lilimwambia kwamba nimekuwa nikimhesabia mtoto makosa, nikiyaweka akiba. Na "mkorofi" halikuwa jina la jambo alilofanya mtoto, lilikuwa jina la mtoto mwenyewe. Kiswahili kimewapanga watoto kwa ngazi, na kila mwanamke wa mtaani anazijua. Mtundu ni yule anayebomoa redio amtafute anayesema ndani, na mama akiambiwa mwanawe mtundu huenda akacheka. Mtukutu hatulii, anachosha. Mdokozi anaonja nyama ikiwa bado jikoni. Mkorofi anakusudia kuudhi. Ukipanda hadi "hana adabu" umeshamwacha mtoto, umeingia sebuleni kwa wazazi wake, kwa kuwa adabu mtu hupewa na wakubwa zake, na asiyekuwa nayo maana yake hakupewa.

Kwa hiyo fundi haitii ngazi hiyo mguu kabisa. Anasema kitendo. Mtoto alifanya hivi, siku hii, mahali hapa, mara moja. Kitendo kina mwanzo na mwisho, na mzazi anaweza kukishika mkononi akakitazama. Jina ukishamvika mtoto, mzazi hana la kufanya nalo ila kulikataa.

Nilipata kuujaribu ufundi huu kwa jambo lililonigusa mwenyewe. Mama yangu mzazi amevuka miaka 80, macho yake yamefunga ukungu, na nyumbani anatembea kwa mkongojo. Mtoto wa shoga yangu, wa kiume, miaka 8, huja kwetu Jumamosi kucheza na wanangu. Jumamosi moja, karibu na alasiri, niliingia kutoka dukani nikamkuta mama kwenye kizingiti cha uani, amepiga magoti, viganja viko chini kwenye mchanga, anatambaa kwenda kutia udhu. Kanga yake ilikuwa ikiburuzika nyuma. Watoto watatu walikuwa wamesimama kando ya pipa la maji wakicheka. Wawili walikuwa wangu.

Mkongojo ulikuwa nyuma ya pipa. Nilipouliza nani, yule mtoto wa shoga yangu hakukana. Alisema, "Nilitaka kuona kama ataweza bila hiyo fimbo." Nilimwambia autoe, amrudishie bibi kwa mikono miwili. Akaurudisha. Mama akamshika kiwiko, wakaenda wote mpaka penye ndoo. Alipomaliza udhu mtoto akamwambia, "Bibi, nisamehe," na mama akamwambia nimekusamehe. Wanangu nao wakaomba radhi kwa kucheka.

Hapo mtu angeweza kusema yamekwisha, na mengi ya watoto ndipo yanapopaswa kuishia. Kunyang'anyana mpira, kusukumana, kikombe kilichovunjika, hayo huyapeleki kwa mzazi. Ukiyapeleka kila mara, siku utakayokuja na neno zito hatakusikiliza. Hili nililiona tofauti kwa sababu mbili. Mtoto aliyeujaribu mkongojo kwetu anaweza kuujaribu kwa mzee mwingine penye ngazi. Na watoto watatu waliliona. Lingefika kwa mama yake kwa vyovyote vile, likiwa limekwisha kuongezwa mkono na mguu, na yeye angejiuliza kwa nini mimi nilinyamaza.

Jioni alipokuja kumchukua sikumwambia. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, magharibi inaadhiniwa, na mwenyewe yule kijana amesimama kati yetu akinitazama mdomo. Kumsema mtoto mbele yake huku wakubwa wawili wanamtazama ni kumhukumu mara ya pili, na mama yake angelazimika kufanya kitu palepale ili mimi nione.

Jambo hili linahitaji kusemwa wazi. Kwetu mzazi akisikia mwanawe kakosa kwa watu, mkono wake huenda kwenye fimbo mara moja. Kipigo kile mara nyingi hakimwendei mtoto. Kinakwenda kwako wewe uliyeleta habari, kinasema, "Angalia, mimi nalea." Kwa hiyo ukipeleka neno lililo wazi, lisilo na mwisho, unamwachia rafiki yako deni, na deni hilo anayelilipa ni mtoto kwa ngozi yake. Neno lazima ulifunge kwanza, kisha ndio ulipeleke. Kosa limekanywa, radhi imeombwa, aliyekosewa ameridhia. Mzazi anapokea habari iliyokwisha, hadaiwi kitu.

Nilimwendea Jumapili mchana, watoto wakiwa chuoni. Alikuwa ukumbini juu ya mkeka, anachambua mchele. Nilishukuru kumkuta na ungo. Mtu mwenye kazi mkononi ana pa kuyaweka macho yake neno likimfikia. Sikukaa mkabala naye, nilikaa ubavuni, nikavuta konzi ya mchele upande wangu nikaanza kutoa chuya. Tukazungumza bei ya nazi. Kisha nikasema:

"Shoga yangu, nina neno dogo la mwanetu. Limekwisha, lakini nataka ulisikie kwangu."

Mwanetu. Kiswahili kinatupa mwanangu, mwanao, mwanetu, na katika herufi mbili tatu hizo za mwisho unaonekana umesimama wapi. "Mwanao" linachora mstari, wewe huku, yeye na aibu yake kule. "Mwanetu" linakuweka kwenye mkeka mmoja naye. Lakini lazima uwe unalimaanisha. Siku zote nilizomlisha na kumfunga kamba za viatu nilikuwa nalimaanisha. Ukilitumia siku ya kosa tu, mwenzio atalijua kuwa ni sukari ya kumezea dawa.

Nikamweleza kwa sentensi chache. Jana alificha mkongojo wa mama. Alisema alitaka kuona kama bibi ataweza kwenda bila huo. Wangu wawili walikuwepo, wakacheka badala ya kumzuia. Niliwakanya wote watatu, akaurudisha mwenyewe, akamshika bibi mkono mpaka kwenye maji, akaomba radhi.

Kulikuwa na njia ya kulainisha zaidi, na ilinijia ulimini. Lugha yetu ingeniruhusu kusema mkongojo "ulipotea" kidogo, kama vile kikombe "kinavyovunjika" bila mvunjaji. Kitenzi kile ni cha rehema, na kwa ajali ninakitumia sana. Hapa kingekuwa uongo, na rafiki angebaki hajui nimekuja kwa nini. Nilisema "alificha". Upole niliutafuta kwingine, katika yale niliyoyaacha. Sikusema kwamba mama alitambaa. Sikutaja kanga wala mchanga. Picha ile ingemwingia shoga yangu usiku asilale, na isingemwongezea hata chembe ya kujua la kufanya. Maneno ya mtoto mwenyewe niliyapeleka yote, kwa sababu yale ndiyo yaliyomwonyesha jinsi alivyo. Alikuwa anajaribu, kama wanavyojaribu kila kitu katika umri ule, ila safari hii alichojaribu nacho kilikuwa mtu.

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. "Ngoja atoke chuoni. Leo atanitambua."

"Usimpige, shoga. Keshaomba radhi, na mama keshamridhia. Ukimpiga kwa hili, mimi nitakuwa nimekuletea balaa, siku nyingine sitathubutu kukwambia."

"Watu watasema simfunzi."

"Nani atasema? Tulioliona tuko mimi na mama, na wangu ndio waliokuwa wakicheka."

Akanyamaza muda mrefu. Nami niliuacha ukimya wake. Hapo ndipo wengi tunapoharibu. Tunaona mwenzetu kanyamaza, tunaanza kujaza, mara watoto wa siku hizi, mara televisheni, mara labda baba yake hayupo sana nyumbani. Kila unalojaza ni sababu, na sababu yoyote ya kosa la mtoto ukiifuata inaishia kwa wazazi. Tulichambua mchele. Mwishowe akauliza, "Mama hakuanguka?" Nikamwambia hakuanguka. Ndipo akashusha pumzi, na nikajua neno limefika mahali pake, kwa kuwa ameanza kumfikiria bibi na si jina lake yeye.

Nilipoinuka nilisema tu, "Jumamosi mlete kama kawaida." Bila hilo yote yaliyotangulia yasingesimama. Mzazi anangoja kuona kama mlango bado uko wazi, na akikosa kuambiwa ataufunga mwenyewe kabla hujaufunga wewe.

Jumamosi alikuja. Alivua viatu, akaenda kumwamkia bibi, akakaa mbali kidogo na mkongojo kama mtu anayeogopa kuugusa. Mama akauegemeza kwenye goti lake akamwambia, "Nishikie, nifunge kanga."

Ilipita kama miezi miwili. Nilikuwa uani namenya mihogo, shoga yangu akaingia na hodi yake ileile, akakaa ubavuni kwangu, akachukua kisu cha pili. Akaniuliza mihogo nimeinunua wapi. Akamenya mmoja, akaukata, akautosa kwenye maji.

"Shoga," akasema, "nina neno dogo la mwanetu."

Moyo ulinipiga. Nikakitazama kisu changu, nikashukuru kwamba nilikuwa nacho.