Mililita Moja Nukta Mbili

Barua pepe ninayoistahi kama shairi lenye vina vilivyotulia ni ya mwanafunzi wa kemia anayemweleza msimamizi wake vipimo vilivyokwenda kombo, kisha akaomba kurudia.

Tuchukue mwanafunzi anayepima kloridi katika visima vya chini ya Garsen, upande wa Kipini, ambako Mto Tana hukutana na bahari na maji ya chumvi hupanda deltani. Anatia kromati ya potasiamu katika mililita 50 za maji, kisha anadondosha nitrati ya fedha kutoka kwenye bureti. Fedha huishika kloridi kwanza na kufanya mashapo meupe. Kloridi ikiisha, tone linalofuata huigusa kromati, na unjano unaingia wekundu wa matofali. Chupa moja ya kisima inampa mililita 14.6, halafu 13.9, halafu 13.4.

Angeweza kutoa wastani na kunyamaza. Lakini kosa la mkono huyumba juu na chini, na tarakimu hizi zinateremka tu. Basi anaandika:

“Shikamoo Daktari. Vipimo vitatu vya chupa moja vimeshuka kwa mililita 1.2, kwa mfuatano nilivyovipima. Nitrati ya fedha ni nzima: mililita 10 za chumvi sanifu ya nguvu ileile zilitumia 10.2, na maji yaliyokenekwa peke yake 0.2. Chupa ilinuka yai bovu nilipoifungua, na mashapo ya kwanza yalikuwa na weusi. Nashuku salfaidi: nayo hula fedha, na hupotea hewani kadiri chupa inavyokaa wazi.”

Hapa ndipo ustadi ulipo. Hakusema “nadhani” kabla ya kuondoa mtuhumiwa wa kwanza, yaani dawa yenyewe. Harufu na weusi, mambo ambayo wengi hawayaandiki daftarini, ameyaleta kama ushahidi.

Kisha pendekezo: “Naomba kuchota upya, chupa ijae hadi mdomoni. Nusu ya vipimo nitatia mililita 1 ya peroksaidi ya hidrojeni ya asilimia 30 na kukoroga dakika moja kabla ya kuanza. Nusu nyingine nitaiacha. Maji yaliyokenekwa nayo nitayapima yakiwa na peroksaidi, nijue kama yenyewe haileti kloridi. Nikiwa sawa, vyenye peroksaidi vitalingana na vitakuwa chini. Visipolingana, sababu yangu imeanguka.”

Sentensi hiyo ya mwisho naipenda kuliko zote, kwa kuwa inampa msimamizi njia ya kumkatalia. Kwa nguvu ya nitrati aliyotumia, kila mililita ni takriban miligramu 10 za kloridi kwa lita, hivyo mteremko ule ni miligramu 12. Kisima kile kina kama 130, chini sana ya 250 ambako ulimi huanza kuonja chumvi, kwa hiyo mnywaji hatadhurika na kosa hilo. Anayefuatilia bahari ikipanda mwaka hadi mwaka, hata hivyo, angezisoma 12 hizo kama habari, na bahari haikuhusika.