Ukingo wa Mtandio Ndio Unaochora Uso

Mtandio uleule unaompendeza mmoja humfanya mwingine aonekane amevimba mashavu, na lawama huangukia rangi au kitambaa. Lawama hiyo haina haki. Uso uliofungwa hijabu huonekana kupitia nafasi iliyoachwa na ukingo wa mtandio, na umbo la nafasi hiyo ndilo jicho hulichukua kuwa umbo la uso wenyewe. Kwa hiyo la kupanga kwanza ni ukingo upite wapi: kwenye paji, mashavuni na chini ya kidevu.

Tuchukue uso wa mviringo, ambao urefu na upana wake hukaribiana. Wengi hukaza mtandio mashavuni wakidhani utayapunguza, kumbe ukingo uliokazwa hufuata mviringo wa shavu na kuusisitiza, tena husukuma nyama mbele. Dalili yake ni alama inayobaki shavuni ukiufungua. Chukua badala yake mtandio wa shifoni wa kama sentimita 180 kwa 70, uuweke juu ya kofia ya ndani ya pamba ili usiteleze, upande mmoja ukiwa mrefu kuliko mwingine. Ukingo uanzie pale nywele zinapoanzia ili paji lote lionekane, kisha ushuke wima na kufunika pembeni mwa kila shavu kwa upana wa kidole. Bana pini chini ya kidevu, ukiacha nafasi ya kupita vidole viwili. Upande mrefu upitishe kifuani hadi begani bila kuurudisha usoni. Nafasi iliyokuwa duara sasa ina umbo la yai lililosimama.

Uso mrefu na mwembamba unataka kinyume chake. Shusha ukingo kidogo kwenye paji, acha mikunjo ijae kando ya masikio, na usifunike mashavu. Uso wenye taya za pembe hautaki mstari ulionyooka unaoishia penye pembe ya taya. Hapo kitambaa laini kinachovutika hufaa zaidi, kikipita juu ya pembe hiyo kwa mkunjo uliolegea.

Wapo watakaosema hijabu ni stara, na kuhangaikia umbo la uso ni kuipotosha. Lakini nywele, masikio na shingo vimebaki vimefunikwa katika hatua zote hizi, na kitambaa kimeteremka kifuani. Pingamizi lenye uzito zaidi ni dhidi ya kurefusha uso kwa kuinua fundo kubwa la nywele utosini, jambo ambalo wanazuoni wengi hulikemea. Hapa fundo hilo halihitajiki, kwani urefu umepatikana kwa ukingo pekee.

Wengine watasema nyuso nyingi ni mchanganyiko. Ni kweli, na ndiyo maana jina la umbo halitoshi. Uso mrefu wenye taya za pembe utashushiwa ukingo kwenye paji na kulegezewa mkunjo tayani, kila sehemu ikipewa dawa yake.