"Sumimasen" si "samahani": Msamaha mfupi kwa jirani wa Kijapani

Vijitabu vya kujifunzia Kijapani vina kasumba moja inayonikera: orodha ya maneno upande wa kushoto, tafsiri upande wa kulia, basi. Sumimasen, samahani. Gomen nasai, nisamehe. Moushiwake arimasen, naomba radhi sana. Mwanafunzi hufunga kijitabu akiamini amepewa maneno matatu yenye maana moja, tofauti ikiwa ni uzito tu, mithili ya mawe ya mizani. Kosa dogo jiwe dogo, kosa kubwa jiwe kubwa.

Mtazamo huo hauvuki hata ngazi za jengo la fleti. Hebu tumchukue mama mmoja anayeishi Osaka, mwenye mtoto wa miaka minne ambaye hukimbia sakafuni kila jioni. Chini yake anaishi mzee. Mzee huyo hajawahi kulalamika. Asubuhi moja wanakutana kwenye ngazi, mama anainamisha kichwa kidogo na kusema: "Itsumo urusakute sumimasen."

Tuichambue kauli hiyo. Itsumo ni kila mara. Urusakute linatokana na kivumishi urusai, yaani -enye kelele, likiwa katika umbo linalofungua njia kwa kitakachofuata: "kwa kuwa kuna kelele". Kisha ndipo linakuja sumimasen. Hakuna "mimi", hakuna "wewe", hakuna "mtoto wangu". Hakuna hata ombi. Samahani yetu, kama nduguye nisamehe, humtaka msikilizaji atende jambo: asamehe. Mama huyu hajamtaka mzee atende lolote. Ametaja kero, akaikiri, akanyamaza.

Wataalamu wamevutiwa sana na mzizi wa sumimasen. Ni umbo la ukanushi la kitenzi sumu, kumalizika. Ruth Benedict, mwanaanthropolojia wa Marekani, alilieleza katika kitabu chake cha 1946 kuhusu Wajapani kama tangazo kwamba jambo hili haliishi hapa. Deni langu kwako lingalipo. Benedict, ikumbukwe, hakuwahi kukanyaga Japani. Alitegemea maandishi na Wajapani waliokuwa Marekani. Takeo Doi, daktari wa akili aliyekuwa Mjapani mwenyewe, alilirudia neno hilo katika kitabu chake cha 1971 kuhusu hali ya kumtegemea mwenzio.

Mimi hoja ya mzizi hainiridhishi. Neno hilohilo hutumiwa kumwita mhudumu hotelini, na kushukuru mtu akikuokotea kalamu. Anayemwita mhudumu aletewe chai hafikirii deni lisilokwisha, jinsi ambavyo wewe msomaji, ukisema kunradhi, hufikirii kwamba Kiarabu chake humtaka mtu awe radhi. Mzizi ni historia ya neno. Hauwezi peke yake kuwa ushahidi wa kilichomo moyoni mwa msemaji.

Hata hivyo Benedict hakukosea kabisa. Alitafuta tu ushahidi mahali pasipofaa. Ushahidi upo katika mwendo wa mazungumzo siku baada ya siku. Tazama jirani anayetaka kukarabati bafu. Kabla ya fundi kufika na keekee yake, yeye hupita akibisha milango, mara nyingi ameshika kizawadi kama taulo au peremende. Desturi ya kuhamia nyumba mpya hata ina kipimo chake: nyumba tatu za mkabala na mbili za ubavuni, moja kila upande. Mlangoni atasema: "Ashita kara kouji de go-meiwaku o okake shimasu ga, yoroshiku onegai shimasu." Yaani, kuanzia kesho tutawaletea kero kwa ujenzi, tafadhali mtuvumilie.

Kero ndiyo meiwaku, na kitenzi chake ni kakeru, ambacho hutumika pia kwa kummwagia mtu maji. Kero basi ni kitu ninachokumwagia wewe. Kile kiambishi go kinaiheshimu kero kwa kuwa itakuwa yako, na umbo la kitenzi linamshusha mtendaji. Sarufi yenyewe imeshainama kabla ya mgongo.

Kazi ikiisha, na wakutane tena kwenye ngazi wiki moja baadaye, jirani yule atasema: "Senjitsu wa go-meiwaku o okake shimashita." Siku ile tuliwasumbua. Shimasu imegeuka shimashita, wakati uliopita. Kero moja, kauli mbili: ya kutangulia na ya kufuatia. Wengi wa wageni huisahau ile ya pili. Kwetu ukishaomba radhi na kukubaliwa, kulirudia jambo kwaweza kuonekana kama kuchokoa kidonda. Kule, kunyamaza mnapokutana mara ya kwanza baada ya kelele ndiko huonekana kama umesahau.

Na je, mzee akilalamika kwanza? Hapo ndipo moushiwake arimasen hufaa, na hapo ndipo mgeni hujikwaa zaidi. Moushi ni kusema kwa unyenyekevu, wake ni sababu, arimasen ni hakuna. Sina sababu ya kutoa, sina la kujitetea. Sasa msikie mgeni wetu, mwenye nia njema kabisa: "Moushiwake arimasen, lakini mtoto alikuwa na homa, halafu mume wangu yuko safarini..." Amesema hana la kujitetea, kisha papo hapo ameanza kujitetea! Kijapani kina jina la tabia hiyo, iiwake, lenye wake ileile ndani yake, na si jina la sifa. Maelezo yana nafasi yake, lakini huja baadaye, tena mara nyingi baada ya kuulizwa. Kwetu maelezo huonyesha kwamba hukukusudia ubaya. Kule, yakitangulia, hupunguza msamaha.

Gomen nasai nayo, ambayo kwa umbo ndiyo hasa "nisamehe", ni ya nyumbani na ya marafiki. Majirani waliozoeana huambiana hivyo bila shida. Kwa mzee usiyemzoea husikika kitoto kidogo.

Kilichonisikitisha zaidi katika vijitabu hivyo ni kwamba havina majibu. Msamaha bila jibu ni nusu ya mazungumzo. Mzee wa Osaka, kama mambo ni shwari, atajibu: "Iie, otagaisama desu kara." Iie ni la, anakanusha kwamba kuna kero. Otagaisama ni neno lenye heshima linalosema hali hii ni yetu sote: leo mwanao anakimbia, kesho redio yangu itakukera wewe. Hakusema "nimekusamehe". Hakuna aliyeomba kusamehewa.

Ikiwa badala yake atasema tu "hai", ndiyo, au aongeze "ki o tsukete kudasai", tafadhali kuwa mwangalifu, mama ajue kelele zinamuumiza mzee kweli, na labda ni wakati wa kutandika zulia nene. Malalamiko marefu hayatakuja. Yameshakuja.

Ningekuwa mhariri wa kijitabu kile, ningeiondoa safu ya tafsiri na kuweka mahali pake safu mbili: nani anasema, na anajibiwa nini. Na kando ya otagaisama ningeandika onyo kwa wino mwekundu: neno hili ni la aliyekerwa peke yake. Mwenye kelele akitangulia kulisema, ni kama mtu aliyekumwagia maji kisha akakuambia kwamba hata wewe utakuja kunimwagia siku moja.